Simu iliyoingia maji ya chumvi: jinsi ya kumkatalia mteja hela yake na bado akarudi dukani

Haupiti mwezi bila kijana aliyefungua duka la simu hapa Tanga kuniuliza swali lile lile: "Mteja kaleta simu, imekufa, anataka hela yake. Nimfanyeje?" Nikimuuliza mteja anafanya kazi gani, jibu nalo ni lile lile. Ni mvuvi, au mchuuzi wa samaki pale Deep Sea, au ni mtu aliyekwenda Raskazone Jumapili na watoto. Simu imeingia maji ya bahari, na garantii ya simu haibebi maji. Hela hairudi.

Kukataa si kazi. Kazi ni kukataa mtu akaondoka bila kinyongo, maana Tanga ni mji mdogo na habari ya dukani kwako itafika Makorora kabla hujafunga mlango jioni. Nitakupitisha kwenye namna ninayoifanya mimi, nikitumia mteja mmoja wa kweli: baba mmoja mvuvi aliyenunua simu kwangu Jumamosi kwa shilingi 285,000, akairudisha Alhamisi ikiwa imezima kabisa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hajaja

Daftari la mauzo lenye tarehe, aina ya simu, namba ya IMEI na sahihi ya mteja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye biashara hii hata ugomvi bila daftari hauna mshindi.

Kopi ya risiti ya EFD na kadi ya garantii.

Tochi ndogo yenye mwanga mkali, pini ya kutolea laini, na kioo cha kukuzia. Kile cha bei rahisi cha kusomea kinatosha.

Simu ndogo ya kitochi, moja au mbili, ya kuazimisha, yenye chaji. Utaona kazi yake mbele.

Kiti. Nasema kweli. Mtu aliyesimama mbele ya kaunta anagombana haraka kuliko aliyeketi.

Na fundi ambaye mmeshakubaliana bei ya kusafisha simu iliyoingia maji. Usianze kutafuta fundi mteja akiwa amekukodolea macho.

Kwanza jihakikishie kwamba kweli hastahili

Kuna mahali hela lazima irudi, au simu ibadilishwe, na hapo mwongozo huu haukuhusu. Kama umeuza simu mpya na kioo kina mstari tangu siku ya kwanza, au haishiki chaji na hakuna dalili ya maji wala kuanguka, hilo ni lako. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu unachouza kifae kwa kazi kilichonunuliwa. Lile bango la "mali ikiuzwa hairudishwi" usijifiche nyuma yake. Halimsaidii mteja kuelewa chochote, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu haki alizonazo.

Mimi bango hilo nililing'oa. Badala yake nimeandika: "Simu ikiwa na hitilafu ya kiwandani, ilete ndani ya siku 7 na boksi na risiti. Simu iliyoingia maji, iliyoanguka au iliyofunguliwa na fundi mwingine haina garantii." Maneno hayo nayasoma kwa sauti wakati wa kuuza, kisha mteja anasaini daftarini.

Hatua ya 1. Mkaribishe kabla hujaigusa simu

Yule baba aliingia saa nne asubuhi, duka lina watu watatu, akaiweka simu kwenye kaunta kwa kishindo. "Hii simu yenu mbovu. Nipe hela yangu."

Nikamwamkia: "Shikamoo baba." Hata mtu mwenye hasira huitikia marahaba. Nikamvutia kiti upande wa ndani, mbali na wale wengine. Mtu mzima hakataliwi mbele ya watu. Ukimkatalia mbele ya vijana, hata ukiwa na haki, atakachokumbuka ni aibu.

Kisha nikasema, "Pole sana baba. Simu ya siku tano kuzima, inauma." Vijana wengi wanaogopa neno pole, wanadhani ni kukiri kosa. Si kukiri. Pole tunampa hata aliyejikwaa barabarani, na hakuna anayedhani sisi ndio tuliweka jiwe.

Hatua ya 2. Usiichomeke kwenye chaja

Hii ndiyo hatua inayowagharimu wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Simu imezima, na mkono wa muuzaji unakwenda wenyewe kwenye chaja "tuone kama itawaka". Usifanye hivyo. Kama ndani bado kuna unyevu wa chumvi, umeme wa chaja utapita mahali usipotakiwa na kuunguza kilichokuwa kimebaki kizima. Simu ambayo fundi angeifufua kwa kuisafisha inakufa mkononi mwako, tena mteja anaangalia. Kuanzia hapo huna maneno. Atakwambia ninyi ndio mmeiua, na sehemu ya maneno yake itakuwa kweli.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiiwashe kwa kubonyeza mara nyingi, na usiipulize kwa mashine ya kukaushia nywele. Kama simu ina joto, au mgongo umevimba, iweke juu ya kigae au sahani ya udongo mbali na vitu vingine, maana betri iliyoharibika huweza kuwaka. Mwambie mteja kwa nini unaiweka kando, asidhani unaificha.

Hatua ya 3. Hakikisha ni simu yenyewe

Fungua daftari, linganisha IMEI. Kwa simu inayowaka unabonyeza hivi:

```
*#06#
```

Kwa iliyozima, angalia kwenye boksi, na kama namba imechapwa mgongoni au kwenye kijisahani cha laini, soma hapo. Fanya hili kwa upole, ukisema "ngoja nikutafute kwenye daftari langu," wala si "ngoja nihakikishe ni ya kwetu." Kitendo ni kimoja. La kwanza linamtafuta mteja, la pili linamtafuta mwizi.

Hatua ya 4. Uliza bila kushitaki

Kiswahili chetu kina mtego hapa. Ukisema "umeiingiza maji", mtendaji ni mteja. Ukisema "imeingia maji", simu ndiyo iliyopatwa. Tofauti ni silabi chache, lakini ya kwanza inaanzisha kesi na ya pili inaanzisha mazungumzo. Mara nyingi mtu hajui kabisa kwamba maji yameingia. Hakuitumbukiza. Aliiweka mfuko wa koti, wimbi likarusha, koti likalowa, likakauka.

Kwa hiyo mimi siulizi maji kabisa. Nauliza: "Baba, siku hizi tano simu imekuwa ikikaa wapi?" Yule baba akajibu mwenyewe: mfukoni, usiku wanavua, mchana iko nyumbani. Nikauliza ilianza vipi kuharibika. Akasema Jumanne spika ilianza kukwaruza, Jumatano ikawa haichaji vizuri, Alhamisi alfajiri ikazima. Mpangilio huo wa spika, kisha chaji, kisha kuzima, ninaujua. Matundu ya spika na ya chaji yako chini ya simu, na ndipo maji huanzia.

Andika majibu yake daftarini kwa maneno yake. Usiyatumie kumnasa. "Si umesema mwenyewe ulikuwa baharini!" ni sentensi ya mtu anayetaka kushinda ugomvi na kupoteza duka.

Hatua ya 5. Aone kwa macho yake kabla hujasema neno

Hapa ndipo imani yote ya mteja ilipo. Mteja akisikia kutoka kwako kwamba simu imeingia maji, hiyo ni kauli ya muuzaji asiyetaka kutoa hela. Akiona mwenyewe, ni kitu alichokiona.

Toa kijisahani cha laini kwa pini. Ndani ya kile kitundu, simu nyingi zina kijikaratasi kidogo cheupe cha kuonyesha maji. Kikiguswa na maji kinageuka chekundu au waridi na hakirudi kuwa cheupe tena. Mulika tochi kwa pembeni, si moja kwa moja, mpe mteja kioo cha kukuzia, umwachie aangalie. Nilimwambia yule baba: "Niambie unaona rangi gani." Akasema nyekundu. Sikuongeza neno.

Nikachukua simu nyingine mpya ya aina ile ile kutoka kabatini, nikafungua boksi, nikatoa kijisahani chake. "Na hii?" Nyeupe.

Kisha tundu la chaji. Simu iliyopata maji ya bahari huonyesha kutu ya kijani kwenye vipini vidogo vya ndani, na wakati mwingine ungaunga mweupe wa chumvi pembeni. Kijani hicho ni shaba iliyoliwa. Yule baba ni mvuvi, kutu haisimuliwi kwake. Alipoiona tu alisema, "Ah, hii chumvi."

Tahadhari mbili. Moja, kijikaratasi peke yake hakitoshi kukataa. Simu zilizotumika na kukarabatiwa, na hata baadhi ya zile zinazouzwa kama mpya, huja kijikaratasi kimeshageuka. Mimi mwenyewe niliwahi kuchukua mzigo wa simu 10 kwa muuzaji wa jumla Dar es Salaam, na 2 kati yake zilikuwa nyekundu ndani ya boksi lililofungwa. Bahati nzuri niliziona kabla sijauza. Tangu hapo, wakati wa kuuza, namwonyesha mteja kijikaratasi kikiwa cheupe na kukipiga picha pamoja na IMEI. Bila picha ile, siku ya ugomvi mteja anaweza kusema "niliuziwa hivyo", na huna jibu. Kama huna picha na dalili nyingine ya maji huioni, usikatae. Ipeleke kwa wakala wa garantii wa hiyo kampuni na usubiri majibu yao kwa maandishi.

Mbili, usifungue mgongo wa simu katika hatua hii. Ukivunja stika ya muhuri, wakala wa garantii hataipokea tena, na umejifungia njia kabla hujajua kama utaihitaji.

Hatua ya 6. Jibu swali la "mbona ilifanya kazi siku zote hizo?"

Atauliza. Wote wanauliza, na ni swali la haki. Muuzaji asiye na jibu anaonekana mwongo hata kama anasema kweli.

Mimi naeleza hivi: maji ya chumvi hupitisha umeme. Betri ikiwa ndani, umeme mdogo unavuja kati ya kipini na kipini kupitia ule unyevu, na shaba inaliwa kidogo kidogo. Maji yakikauka chumvi haiondoki. Usiku hewa ya bahari ikija na unyevunyevu, chumvi inaunyonya na kazi inaendelea. Ndiyo maana simu inaweza kuingia maji Jumapili ikafa Alhamisi. Ni kama mabati ya nyumba za ufukweni. Hayatoboki siku ya kwanza.

Kama aliiweka kwenye mchele, usimcheke. Mchele hautoi chumvi iliyokwisha kaa kwenye vyuma, lakini mtu aliyefanya hivyo alikuwa anajitahidi kuiokoa simu yake. Na kama kwenye boksi imeandikwa IP67 au IP68 na anaonyesha kwa kidole, mweleze kwamba kipimo hicho hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi yaliyotulia, si kwa bahari inayopiga, na kwamba raba za kuzuia maji huchoka.

Maelezo yasizidi dakika mbili. Ukiendelea zaidi unageuka mwalimu, na hakuna aliyeleta hela yake kuja kusomeshwa.

Hatua ya 7. Kataa mara moja, waziwazi, ukiwa umeshika kitu kingine mkononi

Sisi watu wa pwani tuna udhaifu wa kutopenda kusema hapana. Tunasema "tutaangalia", "njoo Jumatatu", "inshallah". Sisi tunajua tumekataa. Mteja anajua ameahidiwa. Anarudi Jumatatu kwa nauli ya daladala, unamwambia Alhamisi, na siku atakayosikia hapana yenyewe atakuwa na haki ya kukasirika, maana umemla siku na nauli juu ya simu. Kukataa kwa kuzungusha ndiko kunakoua maduka mengi kuliko kukataa kwenyewe.

Pia usimsingizie mtu asiyekuwepo. "Bosi hakubali", "kompyuta inakataa". Kesho atamwomba bosi. Kama bosi ni wewe, atajua.

Maneno yangu yana sehemu tatu na siyabadilishi mpangilio. Kwanza tulichokiona wote, pili hapana, tatu ninachoweza leo:

"Baba, tumeona wote chumvi iliyoingia kwenye chaji na ile nyekundu ndani. Kwa hali hiyo hela siwezi kuirudisha, wala kukubadilishia bure, kwa sababu kiwanda hakinilipi simu iliyoingia maji. Itakuwa nimeinunua mimi. Lakini sitakuacha hivi hivi. Kuna mambo matatu ninayoweza kukufanyia leo."

Angalia hiyo sababu. Nimeeleza hela inakwenda wapi. Mvuvi anaelewa hasara ya mwenzake kuliko anavyoelewa "utaratibu wa duka". Na baada ya kusema, nyamaza. Mwache akasirike kidogo. Yule baba alinyamaza, akatikisa kichwa, akasema "laki mbili na themanini na tano," kama anajisemea mwenyewe. Sikumjibu. Halikuwa swali.

Hatua ya 8. Toa njia ambazo umeshazipigia hesabu

Usiahidi kitu ambacho hujui bei yake. Hizi ndizo njia zangu, pamoja na hesabu ya simu ile:

Kusafisha. Fundi anaifungua, anachomoa betri, anasugua ubao wa ndani kwa brashi laini na spiriti kali ya mafundi, anaikausha, kisha anaipima. Fundi wangu anachukua 15,000. Mimi siongezi hata shilingi juu yake, na mteja anajua. Sema wazi kwamba inaweza isifufuke, na kwamba hata ikifufuka inaweza kufa tena baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo atoe picha na namba zake mara tu itakapowaka. Kabla ya kufunguliwa, asaini kwamba amekubali ifunguliwe.

Simu nyingine kwa bei niliyonunulia. Ile ya 285,000 mimi naipata kwa 262,000. Namwachia 23,000 ambayo ingekuwa faida yangu. Hapo sijatoa mfukoni, nimeacha kupata tu. Usishuke chini ya hapo kwa huruma, la sivyo mwezi ujao kila aliyelowa atakuja kudai punguzo la jirani yake.

Kuiuza kama vipuri. Kioo kikiwa kizima, mafundi hununua. Kwa simu ile fundi alitaja 40,000. Hela hiyo ni ya mteja yote.

Na juu ya njia yoyote atakayochagua, kitochi cha kuazima. Hiki ndicho kinachobadilisha sura ya mtu. Mvuvi bila simu hajui bei ya samaki sokoni wala mwenzake anaondoka saa ngapi. Ukimwekea laini yake kwenye kitochi kabla hajaondoka, umetatua tatizo lake la leo. La hela ni la mwezi mzima, litapoa taratibu. Andika kitochi daftarini na siku ya kurudishwa.

Yule baba alichagua kusafisha. Akaondoka na kitochi.

Hatua ya 9. Mwandikie

Jioni ile ile tuma ujumbe mfupi. Si wa kujilinda tu. Mtu akifika nyumbani ataulizwa na mkewe, "Wamesemaje?" na akikosa maneno atasema "wamenidhulumu". Mpe maneno:

"Baba, asante kwa kuja leo. Simu yako imekutwa na chumvi kwenye chaji na alama ya maji ndani, hivyo garantii haihusiki na hela hairudi. Umekubali isafishwe kwa 15,000. Fundi atamaliza Jumamosi mchana na nitakupigia mimi, ikiwaka au isipowaka. Umechukua kitochi cha duka."

Halafu Jumamosi mchana piga. Hata kama habari ni mbaya. Hasa kama habari ni mbaya.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kucheka au kukonyezana na mwenzako wakati mteja anaeleza. Anaona.

Kurudisha hela nusu kimyakimya ili aondoke. Unakuwa umekiri kosa ambalo si lako, na yeye anabaki na swali: kama nusu inawezekana, kwa nini si yote?

Kumwambia "wewe ni wa pili wiki hii". Ulikusudia kumfariji kwamba yanawapata wengi. Yeye amesikia kwamba simu zako ni mbovu.

Kusahau kwamba simu ya mkopo ina mwenyewe mwingine. Kama mteja analipa kidogo kidogo kwa kampuni ya mikopo, kufa kwa simu hakufuti deni, na ni bora asikie kwako siku hiyo kuliko kwa ujumbe wa kudaiwa. Mpe namba ya kampuni na muwapigie pamoja.

Ukikwama

*Anapaza sauti na watu wanajaa.* Usipaze yako. Teremsha sauti hadi alazimike kunyamaza ili akusikie. Biashara haigombi. Kama hatulii, mwombe aje na mtu mzima anayemwamini, ndugu au jirani, muitazame simu mbele yake. Mara nyingi huyo shahidi akishaiona kutu ndiye anayemtuliza.

*Anasema atakwenda serikali ya mtaa, polisi au Tume ya Ushindani.* Ni haki yake. Usimtishe wala usimbembeleze. Mpe kopi ya ukurasa wa daftari, picha ya kijikaratasi siku ya kuuza na ya leo, na risiti yake. Duka linalotoa karatasi lenyewe huwa halina cha kuficha, na wengi wakishazishika hawaendi.

*Alama ya maji ipo ila anaapa simu haijakaribia maji.* Jasho zito, mvuke wa bafuni, mtoto aliyeishika na mikono mibichi, vyote vinawezekana. Usibishane na kiapo. Sema: "Sijui yameingiaje, nakuamini hukuyaona. Ninachojua ni kwamba yamo." Hapo hujamwita mwongo na hujabadilisha jibu.

*Simu ilishafunguliwa na fundi mwingine kabla hajaja kwako.* Angalia skrubu zilizokwaruzwa na stika iliyochanika, mwonyeshe. Njia ya kusafisha bado ipo, ila fundi wako aandike kwanza alichokikuta kimekosekana ndani. Kuna simu huletwa hazina hata skrubu nusu.

*Kijikaratasi ni cheupe, hakuna kutu, lakini kioo kina ufa mdogo pembeni.* Hilo ni la kuanguka, si la maji, na hatua ni zile zile, isipokuwa kwamba hapa ufa unaweza kuwa hauhusiani na ubovu. Simu isiyoshika mtandao haikuharibiwa na ufa wa kona. Mpeleke kwa wakala wa garantii kabla hujasema hapana.

*Imesafishwa, haikuwaka.* Mpigie kabla hajakupigia. Mrudishie simu yake pamoja na vipande vyote, mwonyeshe fundi alipofika, kisha mrudie njia mbili zilizobaki.

Ya yule baba iliwaka Jumamosi, ila maiki ilikuwa imekufa na kijibao cha chaji kikabadilishwa kwa 20,000 zaidi. Alilipa akinung'unika, akahamisha namba zake kwenye karatasi palepale kaunta, moja moja, nami nikimsomea. Kitochi alikirudisha Jumatatu, kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni uliopigwa fundo mara mbili. Akauliza bei ya ile mifuko ya plastiki ya kuvalisha simu shingoni. Akachukua miwili.